Ufunguo wa siri umekataa: namna ya kujua umekwama wapi

Siku hizi ukifungua Gmail kwenye kompyuta ya saiba pale Mwembe Tayari, Mombasa, huenda usiulizwe nenosiri kabisa. Unaambiwa utumie ufunguo wa siri, ule ambao kwenye skrini nyingi za hapa husomeka "passkey". Ukikubali, unagusa kidole kwenye simu na umeshaingia. Ukikataa, wengi wetu hubonyeza maneno ya chini, "Try another way", tukaandika nenosiri, tukangojea nambari ya meseji, tukaendelea na shughuli zetu.

Njia hiyo ya mkato ndiyo nataka tuisimamishe kwanza. Ufunguo wa siri haukatai ovyo. Sababu zake za kukataa ni chache na kila moja ina dalili yake, na mojawapo ni kwamba ukurasa ulio mbele yako si wa Google, ni wa mwizi. Mtu anayekimbilia nenosiri kabla ya kuijua sababu anaweza kuwa anampa mwizi kile hasa ambacho ufunguo umekataa kumpa.

Kinachofanyika ukigusa kidole

Nenosiri ni siri inayojulikana na pande mbili, wewe na tovuti. Ukishaliandika mahali, aliyeko upande wa pili analo, awe ni yule uliyemkusudia au mwingine. Nambari ya mara moja ni siri ya aina hiyo hiyo, ila maisha yake ni mafupi. Inakuja kwa meseji kwenye laini yako, au inatengenezwa na programu kwenye simu na kubadilika kila sekunde 30. Ufupi huo unasaidia, lakini bado ni tarakimu unazoziona kwa macho, na unachoweza kukisoma unaweza kulaghaiwa ukamsomea mtu. Ndivyo WhatsApp za watu wengi zilivyochukuliwa: anapiga mtu mpole, anasema kuna nambari sita zimekuja kwako kwa makosa, tafadhali nisomee. Na wezi wa kisasa hawana haja hata ya kupiga simu. Wanaweka ukurasa wa bandia unaopokea nenosiri na nambari yako, na papo hapo unaviandika kwenye ukurasa wa kweli kabla sekunde hazijaisha.

Ufunguo wa siri hauna cha kusomwa. Siku unapousajili, simu inatengeneza namba mbili ndefu zinazokwenda pamoja. Moja inapelekwa kwenye tovuti, na hata ikiibwa huko haimfai mtu kuingilia. Ya pili inabaki upande wako, imefungwa nyuma ya alama ya kidole au PIN ya simu. Ukitaka kuingia, tovuti inatuma fumbo jipya lisilotabirika, simu inalitia saini kwa ile namba iliyobaki, na tovuti inaikagua saini kwa namba iliyopewa, kama karani wa benki anavyolinganisha saini yako na ile iliyo kwenye faili. Kidole chako hakitumwi popote. Kazi yake ni kuiambia simu kwamba mwenyewe yupo.

Jambo moja zaidi, na juu yake limejengwa karibu kila kitu kinachofuata: ufunguo umefungwa kwenye jina la tovuti. Uliosajiliwa kwa google.com utatia saini kwa google.com na kurasa zilizo chini ya jina hilo, basi. Anayelikagua jina ni kivinjari, si wewe, na kivinjari hakichoki wala hakidanganyiki kwa rangi na nembo.

Dalili: ufunguo hauonekani kabisa

Umefika kwenye ukurasa wa kuingia, na simu ama iko kimya ama inaandika "No passkeys available". Hapa ndipo penye sababu nyingi, na zina mpangilio wa kuzikagua.

Anza na anwani. Usiangalie ukurasa, angalia mstari wa juu wa kivinjari. Tafuta mkwaju wa kwanza, yaani alama ya /, baada ya jina, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Neno la mwisho na lile linalolitangulia ndiyo kwa kawaida jina lenyewe la mwenye ukurasa. Linganisha hizi mbili:

```
https://accounts.google.com/signin
https://accounts.google.com.ingia.example/signin
```

Ya kwanza ni ya google.com. Ya pili ni ya ingia.example, na hayo maneno ya Google yaliyotangulia ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi kwa sababu mstari ni mfupi na mwisho wa jina unaweza kufichika, kwa hiyo gusa mstari wenyewe uione anwani nzima. Ukikuta jina si lile, umepata jibu: ufunguo haujaharibika, umefanya kazi yake. Funga ukurasa, usijaze chochote, na ukitaka kuhakikisha hali ya akaunti yako andika anwani mwenyewe kwa mkono.

Dalili nyingine ya ukurasa wa bandia ni kwamba unatilia mkazo nenosiri na nambari, na hauonyeshi njia ya ufunguo hata chembe, ilhali juzi tovuti hiyo hiyo ilikuuliza ufunguo. Mwizi hawezi kukuomba saini ambayo haitamfaa, kwa hiyo anakusukuma kwenye njia za zamani. Ukiona tovuti uliyoizoea imerudi ghafla kwenye nenosiri, nawe ulifika kupitia kiungo cha meseji au barua pepe, simama hapo.

Anwani ikiwa sahihi, tazama uko ndani ya programu gani. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, Instagram au TikTok, mara nyingi hakifunguki kwenye Chrome. Kinafunguka kwenye kidirisha cha hiyo hiyo programu, na vidirisha vya namna hii mara nyingi haviruhusiwi kugusa funguo zako. Dalili yake ni kwamba kitufe cha ufunguo hakipo, au kipo lakini ukikibonyeza hakuna kinachotokea. Gusa vile vitone vitatu pembeni, chagua kufungua kwenye kivinjari, na tatizo linaisha hapo.

Ikiwa uko Chrome na bado, swali ni ufunguo umewekwa kwenye hifadhi ipi. Kwenye Android, kwa kawaida unakaa kwenye Google Password Manager, chini ya akaunti moja ya Google. Simu yenye akaunti mbili, ya kazi na ya nyumbani, ina hifadhi mbili. Aliyesajili ufunguo kwa iPhone ameuweka kwenye hifadhi ya Apple, na akihamia Android hataukuta umemfuata. Kuanzia Android 14 mtu anaweza pia kuchagua programu nyingine ya kutunza funguo, na akibadilisha chaguo hilo kwenye mipangilio, funguo za zamani zinaonekana kama zimepotea ilhali ziko mahali pake pa zamani. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya manenosiri, na ukague ni hifadhi ipi iliyowashwa.

Yaliyobaki ni ya simu yenyewe. Google wanataka Android 9 au zaidi, na simu iwe na mbinu ya kufunga skrini. Simu isiyofungwa kwa chochote, ile unayotelezesha kidole tu ikafunguka, haiwezi kuweka ufunguo. Simu za Huawei za miaka ya karibuni zisizokuwa na huduma za Google hazina hifadhi hiyo ya Google, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukitafuta kitufe ambacho hakimo.

Dalili: kompyuta inaonyesha msimbo wa QR, lakini simu haifanikiwi

Hii ndiyo inayosumbua sana kwenye saiba na maofisini. Kompyuta haina ufunguo wako, kwa hiyo inaonyesha msimbo wa QR ili simu yako ifanye kazi ya kutia saini. Mpango mzuri, lakini una masharti ambayo hakuna aliyekueleza.

La kwanza linaonekana mara moja. Umepiga msimbo kwa kamera, na badala ya kuulizwa kidole unaona maandishi yanayoanza na `FIDO:/` na kufuatiwa na tarakimu nyingi. Hakuna kilichoharibika. Programu uliyotumia inajua kusoma msimbo lakini haijui kuupeleka kwenye hifadhi ya funguo. Shusha pazia la juu la simu, utafute kisoma QR cha simu yenyewe, au tumia Google Lens. Zile programu za kusoma QR zilizojaa matangazo ziache.

La pili ni Bluetooth. Simu inatoa ishara ya karibu, na kompyuta lazima iisikie kabla ya kuendelea. Si lazima kuviunganisha vifaa viwili kwa ile namna ya spika, wala hutaiona kompyuta kwenye orodha ya vifaa vya simu. Inatakiwa tu Bluetooth iwe imewashwa pande zote mbili na simu iwe karibu. Kompyuta nyingi za mezani za saiba hazina Bluetooth kabisa. Kwenye Windows fungua Device Manager, na kama hakuna mstari wa Bluetooth, basi njia ya QR haitafanya kazi kwenye mashine hiyo mpaka ichomekwe kifaa kidogo cha Bluetooth cha USB. Hapo usijilaumu wala usibadilishe mipangilio ya akaunti. Fanya shughuli yako kwenye simu, au tafuta mashine nyingine.

Watu huuliza kwa nini ukaribu ulazimishwe. Ni kwa sababu bila huo, mwizi aliyeko mbali angekutumia picha ya msimbo wake kwa WhatsApp, ukaupiga ukiwa Likoni, yeye akaingia akiwa kwake. Kwa hiyo pia kijana wako aliye Mtwapa hawezi kukusaidia kwa kutumiwa picha ya msimbo. Lakini usichanganye na msimbo wa kuunganisha WhatsApp kwenye kompyuta. Huo hauna sharti la ukaribu, hauhusiani na ufunguo wa siri, na ukipiga msimbo wa aina hiyo uliotumiwa na mtu, unaweza kuwa umemfungulia mazungumzo yako yote.

La tatu ni intaneti. Bluetooth ni ya kuthibitisha ukaribu tu. Mazungumzo yenyewe kati ya simu na kompyuta yanapita kwenye mtandao, na kila upande unahitaji wake. Simu iliyoishiwa na bando inasoma msimbo vizuri kisha inabaki ikizunguka. Kwenye ofisi zinazozuia tovuti, ikiwa kila kitu kimewashwa na bado mashine zote zinakwama mahali pale pale, mwambie msimamizi wa mtandao aangalie kama majina haya yamezuiwa:

```
cable.ua5v.com
cable.auth.com
```

La kwanza ni la Google na la pili ni la Apple, na ndimo mazungumzo hayo yanamopitia.

Ukifanikiwa kuingia kwenye kompyuta ya saiba, ufunguo wako haujabaki pale. Kilichobaki ni akaunti iliyo wazi, kwa hiyo lazima utoke kabla ya kuondoka. Na kompyuta ikikuuliza kama ungependa kutengeneza ufunguo mpya juu yake, kataa. Mashine ya watu wote si mahali pa kuweka ufunguo, kwa sababu atakayeweza kufungua mashine ataweza kuutumia.

Dalili: inauliza PIN, na hujui ni ipi

Swali hili ni fupi lakini linaleta hofu, hasa kwa wazee wetu, na wana haki ya kuogopa. PIN inayotakiwa ni ya kufungua skrini ya kifaa unachotumia wakati huo. Si ya M-Pesa, si ya laini, si nenosiri la Gmail. Kwenye kompyuta ya Windows ni ile unayoandika ukiiwasha asubuhi. Ukiacha ile ya simu ya zamani ambayo simu mpya huweza kuiuliza, kama tutakavyoona mbele, kuna moja ya ziada, nayo ni PIN ya Google Password Manager, ambayo Google walianza kuitumia mwaka 2024 ili funguo zifike pia kwenye Chrome ya kompyuta. Hiyo uliichagua mwenyewe ulipoombwa.

Namna ya kuitambua ni kwamba dirisha la simu linatoka kwenye simu yenyewe na linafanana na lile la kufungua skrini. Kisanduku kilicho ndani ya ukurasa wa wavuti kikikuomba PIN ya M-Pesa ili "kuthibitisha ufunguo", huo ni wizi.

Dalili: kidole kimekubaliwa, tovuti imekataa

Hapa simu imetia saini bila shida, kisha tovuti inasema haiujui ufunguo huo. Maana yake nusu moja ipo na nyingine imefutwa. Mara nyingi mtu aliingia kwenye mipangilio ya tovuti akafuta ufunguo akidhani amemaliza kazi, lakini nusu iliyo kwenye simu ikabaki na inaendelea kujitokeza. Kinyume chake pia hutokea: amefuta kwenye simu, na tovuti inaendelea kuuomba.

Dawa ni kuondoa nusu iliyobaki na kuanza upya. Ingia kwa njia nyingine uliyonayo, ukiwa umeshakagua anwani, futa nusu iliyobaki, iwe kwenye Google Password Manager au kwenye mipangilio ya tovuti, kisha usajili mpya. Kwa akaunti ya Google orodha yake iko kwenye myaccount.google.com/signinoptions/passkeys. Kwa WhatsApp ni Settings, kisha Account, kisha Passkeys.

Usitegemee sana maneno ya kosa kwenye ukurasa. Kivinjari kinaipa tovuti jibu moja tu, `NotAllowedError`, iwe ni wewe uliyeghairi, muda uliokwisha, au ufunguo usiokuwepo. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili tovuti isiweze kupeleleza ni funguo zipi ulizo nazo. Kwa hiyo ukurasa unapokuambia kwa uhakika kwamba "umeghairi", huenda hukughairi chochote.

Dalili: simu mpya, funguo zote zimepotea

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, maana ndani yake sababu tatu zilipandana, na kila moja ilifanana na nyingine.

Mama mmoja anayeuza leso Mtaa wa Biashara alikuwa na simu iliyoingia maji ikafa. Akanunua nyingine, akahamisha laini. Dukani kuna kompyuta ambayo mwanawe huitumia kupokea barua za wauzaji wa jumla. Siku hiyo Gmail ilikuwa imejitoa, na ikaomba ufunguo wa siri. Kijana akaonyesha msimbo wa QR, mama akaupiga kwa simu mpya, yakatokea yale maandishi ya `FIDO:/`. Wakahukumu kwamba simu mpya ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Walipotumia kisoma QR cha simu, maandishi yaliondoka na simu ikaanza kutafuta kompyuta. Ikakwama tena, kwa sababu Bluetooth ya kompyuta ilikuwa imezimwa. Ikawashwa. Safari hii simu ikaiona kompyuta, ikafika mwisho, ikajibu kwamba hakuna funguo. Hapa ndipo palipokuwa na kiini. Siku ya kununua simu, mama hakulikumbuka nenosiri lake la Gmail, na binti yake akaiwasha simu kwa akaunti yake mwenyewe ili mama asikae bila simu. Hifadhi iliyokuwa ndani ilikuwa ya binti. Funguo za mama zilikuwa salama kwenye akaunti ya mama, ambayo simu hiyo haikuwahi kuingia.

Katikati ya hayo, ikafika meseji ikidai akaunti yake ya barua pepe itafungwa usiku huo asipoithibitisha, pamoja na kiungo. Saa ile ingekuwa rahisi sana kuamini kwamba ndiyo sababu ya matatizo yote. Ukurasa ulifunguka kwa rangi zile zile, ukaomba nenosiri, na chini yake kisanduku cha nambari sita. Haukutaja ufunguo popote, ilhali kompyuta pembeni yake ilikuwa ikidai ufunguo huo huo tangu asubuhi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya kijana asome anwani kutoka kwenye mkwaju kurudi kushoto, na jina halikuwa la Google.

Sasa suluhisho, na hapa pana fundo ambalo kila mwenye ufunguo anapaswa kulijua mapema. Ufunguo wa kufungulia akaunti yake ya Google ulikuwa umewekwa ndani ya akaunti hiyo hiyo ya Google. Simu ya zamani ikiwa hai, haina neno. Ikiwa imekufa, huwezi kuufikia ufunguo bila kuingia, na huwezi kuingia kwa ufunguo. Ndiyo maana nenosiri la akaunti hiyo halitupwi hata baada ya kuhamia kwenye funguo. La mama lilipatikana limeandikwa kwenye daftari la madeni. Tukafungua mipangilio ya simu mpya, tukaongeza akaunti yake, si kwa kiungo cha meseji, tukaandika nenosiri, na Google ikatuma nambari kwenye laini yake, ambayo alikuwa nayo mkononi. Akaingia.

Bado hakuwa amemaliza. Simu ikamwomba achore mchoro wa kufungulia simu ya zamani, ile iliyokufa. Wengi hushangaa hapa na kudhani ni kosa. Si kosa. Funguo zinasafiri zikiwa zimefungwa kwa namna ambayo hata Google hawawezi kuzisoma, na kinachozifungua ni mbinu ya kufunga skrini ya kifaa cha awali, au ile PIN ya Google Password Manager. Majaribio ni machache, kwa hiyo usibahatishe ovyo. Mama alikuwa akitumia kidole muda wote, lakini mchoro aliukumbuka. Funguo za tovuti nyingine alizokuwa nazo zikarudi zote kwa pamoja. Asingeukumbuka, akaunti ya Google angekuwa nayo, ila kwa tovuti hizo angelazimika kuingia kwa njia nyingine moja moja na kusajili upya.

Mwisho tukafungua ukurasa wa funguo wa akaunti yake. Ile simu iliyokufa bado ilikuwa kwenye orodha, ikiwa na ufunguo uliotengenezwa na Android yenyewe. Ufunguo wa namna hiyo hauondolewi kwa kitufe cha kufuta hapo. Unaenda kwenye orodha ya vifaa vya akaunti na kuitoa simu hiyo, na ufunguo wake unaondoka nayo. Kisha, kwa kuwa uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwa umewashwa, akatoa nambari za akiba za Google. Ni 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Akaziandika kwenye karatasi inayokaa nyumbani, mbali na daftari la madeni ambalo kila mteja huliona.

Pale ambapo ufunguo hautakusaidia

Kila anayeweza kufungua simu yako anaweza kutumia funguo zako. Kidole cha mtoto kilichosajiliwa ili aangalie katuni kinafungua pia Gmail yako. Ukimpelekea fundi simu abadilishe kioo naye akaomba PIN "ya kujaribia", umempa kila kitu kilichomo, na hakuna meseji itakayokujulisha. Kubadilisha kioo hakuhitaji PIN. Mguso unaweza kujaribiwa kwenye skrini ya dharura, au ufungue mwenyewe ukiwa umesimama hapo. Akisema lazima abaki nayo mpaka kesho ikiwa imefunguka, nenda kwa fundi mwingine.

Na ikiwa simu imeibwa kwenye matatu huku mwizi alikuona ukiandika PIN, kuna mambo mawili ya kufanya. Kwenye kifaa kingine ingia Google uitoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa, na upige kwa kampuni yako kufunga laini. Nambari ya meseji ambayo Google ingekutumia itafika kwenye simu aliyonayo mwizi, kwa hiyo usiitegemee, shika zile nambari za akiba. Ukiwa nazo, fanya yote mawili kwa utaratibu wowote, bora haraka.